Mcheduara unaobingirika kwenye mteremko na kazi ya msuguano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanapofika kwenye mada ya miili inayozunguka. Mengi yana mzizi mmoja: mtu amezoea kuuona msuguano kama kitu kinachozuia mwendo na kula nishati, kisha anakutana na mcheduara ambao bila msuguano usingezunguka kabisa.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuna mcheduara wa chuma, mzima ndani, wenye tungamo la kilo 2 na nusukipenyo cha sentimita 5. Umewekwa juu ya ubao ulioinuliwa kwa nyuzi 30, na unaachiwa bila kusukumwa ubingirike umbali wa mita 1.5. Kwa pembe hiyo unashuka kimo cha mita 0.75. Mvutano wa dunia, g, tunauchukua kuwa 9.8.

"Kubingirika bila kuteleza" maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba kila mcheduara ukikamilisha mzunguko mmoja, kitovu chake kinakuwa kimesogea umbali ulio sawa na mzingo wake, si zaidi wala pungufu. Kwa mcheduara wetu mzingo ni 2πr, yaani sentimita 31.4. Katika mita 1.5 utazunguka karibu mara nne na robo tatu.

Ukiandika jambo hilohilo kwa kasi, unapata `v = ωr`, ambapo v ni kasi ya kitovu na ω ni kasi ya mzunguko. Humo ndani kuna jambo ambalo watu wengi hulisoma haraka na kulipita: sehemu ya mcheduara inayougusa ubao, kwa nukta ile ya kugusa, imetulia. Mwendo wa kitovu unaipeleka mbele kwa kasi v, mzunguko unairudisha nyuma kwa kasi hiyohiyo, na jumla ni sifuri. Sehemu ya juu kabisa nayo inakwenda kwa kasi ya 2v, kwa kuwa huko juu vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Itazame picha ya baiskeli iliyopigwa kutoka ubavuni ikiwa mwendoni. Mara nyingi spoku za chini, karibu na barabara, zinaonekana vizuri, na za juu zimefifia na kuwa ukungu.

Kama sehemu inayogusa imetulia, msuguano unatoka wapi?

Ni msuguano tuli, uleule unaolizuia kabati lisisogee unapolisukuma kidogo. Nyuso mbili zilizogusana bila kusuguana bado zinaweza kushikana, na kule kushikana ndiko kunakohitajika hapa.

Ili uone ulazima wake, hesabu kani zinazoufikia mcheduara. Uzito unavuta kupitia kitovu. Kani ya uso, N, ambayo ubao unausukumia mcheduara, nayo inaelekea kitovuni. Kani inayopita kitovuni haiwezi kuzungusha kitu kwa kukizunguka kitovu hicho, kwa sababu haina mkono wa kuzungushia. Inabaki kani moja tu, msuguano, unaotenda pembezoni, sentimita 5 kutoka kitovuni. Mzunguko wote unaouona unatokana nao. Ukiupaka ubao grisi mpaka msuguano ufike sifuri, mcheduara utaserereka hadi chini bila kugeuka hata kidogo, sawasawa na kipande cha barafu.

Unaelekea upande gani?

Mcheduara unaposhuka, msuguano unaelekea juu ya mteremko. Jiulize swali moja tu: msuguano ukiondolewa ghafla, sehemu inayogusa ingeteleza kwenda wapi? Ingeteleza kwenda chini, pamoja na mcheduara mzima. Basi msuguano tuli unaizuia kwa kuelekea juu. Kani hiyohiyo ya kuelekea juu, ikiwa imeshika ukingo wa chini, ndiyo inayouzungusha mcheduara kwa upande wa kushukia.

Sasa usukume mcheduara uleule upande mteremko, ukibingirika bila kuteleza. Msuguano unaelekea wapi? Karibu darasa zima husema chini, kwa mazoea kwamba msuguano hupinga mwendo. Jibu ni juu, vilevile kama mwanzo. Mcheduara unaopanda unapunguza kasi, kwa hiyo lazima mzunguko wake nao upungue kwa kiwango kinacholingana, na kani pekee inayoweza kuupunguza ni msuguano. Ukichora mchoro utaona kwamba, ili kupunguza mzunguko wa mcheduara unaopanda, kani ile ya pembezoni lazima ielekee juu. Upande wa msuguano tuli hauamuliwi na upande ambao kitu kinaelekea, bali na upande ambao sehemu ya kugusa ingetelezea.

Na kwenye sakafu iliyo sawa, mcheduara mgumu unaobingirika kwa kasi isiyobadilika, msuguano tuli ni sifuri. Hakuna kinachotaka kuteleza, kwa hiyo hakuna cha kuzuiwa.

Naweza kuandika f = μN na kuendelea?

Hapana, na hapa ndipo alama nyingi hupotelea. `μN`, ambapo μ ni namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana, ni kikomo cha msuguano tuli, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho nyuso zinaweza kutoa kabla hazijaachiana. Msuguano wenyewe huwa ni ule tu unaohitajika, na kuujua unahitajika kiasi gani ni lazima utumie kanuni za mwendo. Kani ya msuguano ni moja ya visivyojulikana, pamoja na mchapuko. Usiianzishe hesabu kana kwamba umeshapewa.

Milinganyo ni mitatu, ambapo f ni msuguano, θ ni pembe ya mteremko, a ni mchapuko wa kitovu na α ni mchapuko wa mzunguko:

```
mg sin θ − f = ma      (kusonga kwenye mteremko)
f r = I α              (kuzunguka)
a = α r                (sharti la kutoteleza)
```

Herufi I ni inesha ya mzunguko, yaani kiasi ambacho kitu kinakataa kubadilishiwa mzunguko wake. Kwa mcheduara mzima, I = ½mr². Weka hiyo kwenye mlinganyo wa pili, kisha badilisha α kwa a/r, na r zote zinaondoka:

```
f = ½ma
```

Hii peleka kwenye mlinganyo wa kwanza: mg sin θ = ma + ½ma. Kwa hiyo:

```
a = ⅔ g sin θ
f = ⅓ mg sin θ
```

Sasa tuingize namba. Sehemu ya uzito inayovuta kufuata mteremko ni 2 × 9.8 × 0.5, sawa na nyutoni 9.8. Theluthi yake, nyutoni 3.27, ndiyo msuguano. Kinachobaki ni nyutoni 6.53, na ukizigawa kwa kilo 2 unapata mchapuko wa mita 3.27 kwa sekunde mraba. Kutoka kwenye utulivu, mita 1.5 zitachukua sekunde 0.96, na mcheduara utafika chini ukiwa na kasi ya mita 3.13 kwa sekunde. Usishangae msuguano na mchapuko kutoka na namba ileile, 3.27. Ni kwa sababu f = ½ma na tungamo letu ni kilo 2; kwa tungamo jingine zingetofautiana.

Angalia tena ile f = ⅓ mg sin θ. Haina μ popote. Ubao wa mbao mbichi, ubao uliopigwa randa na ubao uliowekewa msasa vyote vitatoa msuguano uleule wa nyutoni 3.27, mradi tu mcheduara hautelezi. Kuongeza ukwaruzaji wa ubao hakuuchelewishi mcheduara, kwani kunapandisha kikomo tu na kuiacha kani inayotumika pale ilipokuwa.

Mbona tungamo na nusukipenyo havimo kwenye mchapuko?

Tungamo linaondoka kwa sababu uzito, ukaidi wa kusonga na ukaidi wa kuzunguka vyote vinakua nalo kwa uwiano mmoja. Nusukipenyo kinaondoka kwa sababu mcheduara mnene ni mgumu zaidi kuzungusha, lakini msuguano nao unaushika mbali zaidi na kitovu, na wakati huohuo hauhitaji kuzunguka upesi ili kwenda umbali uleule. Vyote vitatu vinafidiana kikamilifu. Kinachobaki ni mpangilio wa tungamo: liko kitovuni, limesambaa, au limekaa pembezoni.

Ni kwenye pembe gani utaanza kuteleza?

Utateleza pale msuguano unaohitajika utakapozidi kikomo. Unaohitajika ni ⅓ mg sin θ, na kikomo ni μmg cos θ. Linganisha hivyo viwili na unapata sharti la kutoteleza:

```
tan θ ≤ 3μ
```

Kwa nyuzi 30, tan θ ni 0.577, hivyo tunahitaji μ isiyopungua 0.19. Chuma juu ya ubao mkavu kwa kawaida kinavuka kiwango hicho bila shida. Ubao uliomwagiwa mafuta unaweza usifike.

Namba 3 iliyomo humo inafaa kutazamwa vizuri. Kipande cha chuma cha pembe nne, kikiwekwa juu ya ubao uleule, huanza kuserereka tan θ inapofikia μ. Tuseme μ ni 0.4. Kipande hicho kitaanza kuserereka ubao ukivuka nyuzi 22 hivi. Mcheduara wa chuma hichohicho utaendelea kubingirika bila kuteleza mpaka karibu nyuzi 50. Kipande cha pembe nne kinataka msuguano ubebe mvuto wote wa mteremko ili kitulie pale kilipo. Mcheduara hauombi kutulia. Unaomba theluthi tu ya mvuto huo, ili uzungushwe kadiri unavyoshuka.

Msuguano unapinga mwendo wa kitovu. Si lazima basi upoteze nishati?

Swali zuri, na jibu la mkato la vitabu, kwamba "msuguano tuli haufanyi kazi", huwaacha wengi na mashaka. Wanaona wazi kwamba mcheduara unaobingirika unafika ukiwa na kasi ya mita 3.13 kwa sekunde, ilhali ule unaoserereka kwenye ubao usio na msuguano ungefika na mita 3.83. Kuna kitu kimepungua. Kimekwenda wapi?

Tufanye hesabu kwa jouli. Kwa kushuka mita 0.75, mcheduara unapata 2 × 9.8 × 0.75, sawa na jouli 14.7. Nishati ya kusonga ukifika chini ni ½ × 2 × 3.13², sawa na jouli 9.8. Zinakosekana jouli 4.9. Sasa hesabu nishati ya kuzunguka: I ni 0.0025, ω ni 3.13 ÷ 0.05, karibu radiani 62.6 kwa sekunde, yaani karibu mizunguko kumi kila sekunde. Nusu ya I mara ω mraba inatoa jouli 4.9. Hesabu imefunga, na hakuna hata jouli moja iliyogeuka joto.

Unaweza kuifuatilia kazi ya msuguano hatua kwa hatua. Kwa upande wa kusonga, kani ya nyutoni 3.27 inavuta kinyume kwa mita 1.5 na kuondoa jouli 4.9. Kwa upande wa kuzunguka, kani hiyohiyo, ikiwa na mkono wa mita 0.05, inauzungusha mcheduara kwa radiani 30 na kuongeza jouli 4.9. Ni kama hela iliyotolewa mfuko wa shati ikatiwa mfuko wa suruali: mwenye nayo hajapungukiwa kitu. Msuguano tuli hapa ni mgawaji. Kwa mcheduara mzima mgao ni theluthi mbili kusonga na theluthi moja kuzunguka, na haubadiliki kwa pembe wala kwa urefu wa ubao.

Joto halitokei kwa sababu joto la msuguano huhitaji uso mmoja upite juu ya mwingine, na sehemu inayogusa, kama tulivyoona, imetulia.

Na ukiteleza, nini hubadilika?

Karibu kila kitu. Kwanza, sasa una ruhusa ya kuandika f = μN, kwa μ ya msuguano wa mwendo. Pili, huna tena ruhusa ya kuandika a = αr, kwa hiyo kusonga na kuzunguka vinahesabiwa kila kimoja peke yake.

Chukua ubao uliopakwa mafuta, μ yake iwe 0.1 tu. Kani ya uso ni 2 × 9.8 × cos 30°, karibu nyutoni 17, hivyo msuguano ni nyutoni 1.7. Mchapuko wa kitovu unakuwa (9.8 − 1.7) ÷ 2, yaani mita 4.05 kwa sekunde mraba. Ukingo nao, kwa ajili ya mzunguko, unachapuka kwa mita 1.7 tu kwa sekunde mraba. Mzunguko umeachwa nyuma tangu mwanzo na pengo linazidi kupanuka.

Mcheduara huu unafika chini kwa sekunde 0.86, mapema kuliko ule uliobingirika vizuri. Hapo wanafunzi hutatizika: umewahi, kasi ya kitovu ni kubwa zaidi, mita 3.49 kwa sekunde, basi vipi useme umepoteza nishati? Hesabu zote mbili. Nishati ya kusonga ni jouli 12.2 hivi. Mzunguko umefikia kasi ya ukingo ya mita 1.46 tu kwa sekunde, kwa hiyo nishati ya kuzunguka ni kama jouli 1.1. Jumla ni 13.2. Kati ya jouli 14.7 za mwanzo, moja na nusu hivi zimekuwa joto.

Unaweza kulihakiki joto hilo kwa njia nyingine. Mcheduara ulisonga mita 1.5, lakini mzunguko wake ulitosha mita 0.63 tu. Tofauti, mita 0.87, ni urefu uliotelezwa. Zidisha kwa nyutoni 1.7 na unarudi kwenye jouli moja na nusu. Ukipata namba mbili zinazogongana hapa, kuna mahali umetumia v = ωr bila haki.

Bomba na mcheduara mzima, kipi kinatangulia?

Mcheduara mzima, daima, mradi vyote viwili vinabingirika bila kuteleza. Bomba jembamba la chuma lina tungamo lake lote pembezoni, kwa hiyo I yake ni mr². Ukirudia milinganyo ile mitatu utapata a = ½ g sin θ, na msuguano unaohitajika ni nusu ya mvuto wa mteremko badala ya theluthi. Kwa ubao wetu, bomba lingechukua sekunde 1.11 dhidi ya 0.96. Tena bomba linawahi kuteleza, kwa sababu sharti lake ni tan θ ≤ 2μ. Usiweke bomba na mcheduara kwenye ubao mkali ukidhani vyote vitakubali: kuna pembe ambazo mcheduara unabingirika na bomba tayari linateleza, na mashindano yenu hayalinganishi tena mnachodhani.

Kuhusu pipa lililojaa kimiminika, jibu linawashangaza wengi. Pipa la maji lililojaa mpaka juu, likibingirishwa kwenye mbao kutoka kwenye lori, linachapuka zaidi ya mcheduara mzima wa ukubwa uleule. Maji hayashikani na bati kama chuma kinavyoshikana na chuma. Bati linazunguka, maji ya ndani kwa sehemu kubwa yanashuka tu bila kuzunguka, angalau kwa sekunde za mwanzo. Msuguano unapata kitu kidogo cha kuzungusha, hivyo sehemu kubwa ya nishati inabaki kwenye kusonga. Maji hayohayo yakigandishwa yakawa barafu, pipa litapunguza mwendo na kukaribia ile theluthi mbili. Kimiminika kizito kama lami au asali kiko katikati, kwa sababu kinakokotwa na bati polepole. Kwa anayeshusha mapipa maana yake ni moja: lililojaa maji au dizeli linawahi kushika kasi kuliko tupu, mbali na kuwa zito.

Nitajuaje kwamba mcheduara wangu unateleza?

Jicho halitoshi. Mcheduara unaoteleza kidogo unaonekana kabisa kama unabingirika.

Njia ninayoipenda haina gharama. Chora mstari mmoja mnene wa chaki yenye unyevu kwenye mwili wa mcheduara, kutoka ncha hadi ncha, kisha uachie juu ya ubao mkavu wa rangi nyeusi. Kila mzunguko utaacha alama moja. Pima umbali kati ya alama kwa rula. Kwa mcheduara wetu, alama zilizopishana kwa sentimita 31 na kitu zinasema hakuna kuteleza. Zikipishana kwa 35, halafu 40, unateleza, na ukiinama uzitazame kwa karibu utakuta ukingo mmoja wa kila alama umepakazwa kwenda chini, kama kidole kilichopitishwa juu ya wino ambao haujakauka. Alama safi zenye kingo mbili kali ni dalili ya kushikana. Angalizo: chaki ikiwa nyingi inageuka unga, na unga huo wenyewe unapunguza msuguano.

Simu inayorekodi video ya mwendo wa taratibu inafanya kazi hiyohiyo. Weka kibandiko ukingoni na hesabu picha hadi kibandiko kirudi chini.

Nimepima nikapata mchapuko chini ya theluthi mbili. Msuguano tuli umekula nishati?

Si huo. Mara nyingi sababu iko kwenye saa. Mwendo wa chini ya sekunde moja, ukipimwa kwa kidole kwenye saa ya simu, unaweza kukosewa kwa sehemu kubwa. Punguza pembe. Kwa nyuzi 5, mcheduara uleule unachukua kama sekunde 2.3 kwa mita 1.5, na kosa la kidole linakuwa dogo ukilinganisha.

Pembe ndogo lakini inaleta jambo jingine: ukinzani wa kubingirika. Hakuna mcheduara wala ubao mgumu kikamilifu. Pale vinapogusana vinabonyea kidogo, na kani ya uso inasogea mbele ya kitovu kwa umbali mdogo sana, ikawa na mkono wa kupinga mzunguko. Huu unakula nishati kwelikweli na unaigeuza joto, ila ni kitu tofauti na msuguano tuli tuliouzungumzia, na haumo kwenye milinganyo mitatu. Chuma juu ya mbao ngumu, ni mdogo sana. Tandika blanketi juu ya ubao urudie jaribio, na utauona bila chombo chochote: kwenye pembe ndogo mcheduara unaweza kukataa kuondoka kabisa.

Galileo, aliyechapisha majaribio yake ya mpira wa shaba kwenye mfereji wa mteremko mwaka 1638, alipima muda kwa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Alichothibitisha ni kwamba umbali unakua kwa mraba wa muda, na hilo mzunguko wa mpira haulivurugi, kwa kuwa mchapuko unabaki thabiti. Lakini mtu akichukua namba za mpira unaobingirika na kuzitumia moja kwa moja kutafuta g, atapata jibu dogo mno. Kwa mpira mzima kwenye ubao bapa lingekuwa sehemu tano kwa saba ya jibu sahihi, na mfereji unalipunguza zaidi.

Swali la mtihani: mcheduara unashuka mteremko wenye msuguano, kisha unapanda mteremko usio na msuguano. Utafika kimo gani?

Wengi huandika mita 0.75, kwa hoja kwamba nishati haijapotea. Ni kweli haijapotea, lakini si yote inayoweza kupanda.

Mcheduara unafika chini na jouli 9.8 za kusonga na 4.9 za kuzunguka. Kwenye mteremko laini hakuna kani yenye mkono wa kugusa mzunguko wake, kwa hiyo utaendelea kuzunguka mara kumi kwa sekunde, panda shuka. Jouli 9.8 peke yake ndizo zinazogeuka kimo: 9.8 ÷ (2 × 9.8), yaani mita 0.5. Pale juu kabisa kitovu kinasimama kwa nukta moja huku mcheduara ukizunguka kwa kasi ileile. Kama mteremko wa pili nao ungekuwa na msuguano, msuguano tuli ungezirudisha zile jouli 4.9 kwenye kusonga, na mcheduara ungefika mita 0.75.

Baadhi ya watunga mitihani huongeza kipengele cha mwisho. Mcheduara unaserereka kurudi chini na kuingia kwenye sakafu yenye msuguano, ukiwa unasonga kurudi nyuma kwa mita 3.13 kwa sekunde huku ukizunguka kwa upande wa kwenda mbele. Sasa utateleza, hilo halikwepeki. Tumia kanuni ya kutobadilika kwa momenti ya mwendo kuzunguka mstari wa sakafuni, ambako msuguano hauna mkono. Mwanzoni ni mvr kwa upande wa nyuma ukitoa ½mvr ya mzunguko wa mbele, inabaki ½mvr. Mwishoni, ukishabingirika vizuri kwa kasi mpya u, ni 1½mur. Kwa hiyo u ni theluthi ya v: mcheduara unaendelea kurudi nyuma kwa mita 1.04 kwa sekunde, ukiwa na jouli 1.6 tu, na nyingine 13 zimeishia kuupasha moto mcheduara na sakafu.